Kopo la mlonge na kidonge cha jioni

*"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63, ana kisukari na presha. Anameza metformini, glibenklamaidi asubuhi na jioni, na losartani. Mwezi uliopita alinunua unga wa mlonge Kariakoo, akaambiwa anywe vijiko 2 vya chakula asubuhi na 2 jioni, na kwamba baada ya miezi 3 ataachana na vidonge. Siku hizi usiku hali ugali, anakunywa mlonge kwa maji ya uvuguvugu analala. Juzi saa 10 alfajiri nilimkuta ametota jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Nikampa chai ya sukari, akatulia. Je, ni mlonge? Aache? Na ni kweli una kalsiamu mara 17 ya maziwa? Mimi nina mimba ya miezi 5, naweza kuutumia?"* (Msomaji, Mbagala)

Marahaba, mwanangu. Mimi ni mfamasia, na kwa unavyoeleza, mama alishukiwa na sukari usiku ule. Jasho la ghafla, kutetemeka, maneno kuvurugika, kisha kutulia baada ya kitu kitamu: hizo ndizo dalili zenyewe. Chai uliyompa ilimwokoa. Kabla hujasoma maelezo mengine, shika mambo mawili ya leo hii. Mama ale chakula cha usiku, chakula cha kweli chenye wanga. Na siku yoyote ambayo kwa sababu yoyote hatakula usiku, asimeze glibenklamaidi ya jioni hiyo. Unga wa mlonge auweke pembeni kwanza mpaka aonwe kliniki, na kliniki aende kesho, asisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Glibenklamaidi hufanya kazi kwa kuibana kongosho itoe insulini, na huibana bila kuuliza kama tumboni kuna chakula au hamna. Ndiyo maana humezwa pamoja na mlo. Mtu akimeza kidonge saa 2 usiku akala ugali na maharage, insulini inayotoka inakuta sukari ya ule ugali ikiingia kwenye damu taratibu, mambo yanakwenda sawa. Mama yako alimeza kidonge kilekile, kwa kipimo kilekile, akakikutanisha na glasi ya maji ya majani. Insulini ikatoka, sukari ya kuipokea haikuwepo, ikaanza kula akiba. Na dawa hii haiondoki upesi mwilini, inaendelea kusukuma usiku kucha. Saa 10 alfajiri, mtu akiwa hajala kwa saa nyingi, ndiyo saa ambayo tatizo hujitokeza.

Kwa hiyo, je, ni mlonge? Kwa maoni yangu mkosaji mkubwa ni kidonge kilichomezwa bila mlo, na mlonge ulichangia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ndiyo nzito zaidi: ulichukua nafasi ya ugali. Mama aliamini amekula kitu chenye lishe kuliko ugali, kumbe vijiko vile viwili vina wanga kidogo sana wa kumshikilia mpaka asubuhi. Njia ya pili ni kwamba majani ya mlonge yenyewe yanaweza kupunguza kasi ya sukari kidogo. Maabara zimeonyesha kwamba dondoo la majani haya huzuia baadhi ya vimeng'enya vinavyovunja wanga tumboni, na majani yenyewe yana nyuzinyuzi na viambato ambavyo kwa wanyama wa majaribio vilishusha sukari. Kwa binadamu matokeo yanapishana. Utafiti mmoja wa Thailand uliochapishwa mwaka 2017 uliwapa watu wenye kisukari cha aina ya pili, ambao walikuwa hawajaanza dawa, gramu 8 za majani kwenye vidonge kila siku kwa wiki 4. Sukari yao haikupungua kuliko ya wale waliopewa vidonge vitupu. Kuna tafiti nyingine ndogo zilizoona sukari ikishuka kiasi, hasa baada ya mlo.

Ukiziweka pamoja unaona ugumu ulipo. Mlonge ni dhaifu mno kuwa dawa ya kisukari ya kumfanya mtu aache vidonge. Lakini nguvu yake si sifuri, na kwa mtu ambaye tayari anameza dawa inayoweza kuivusha sukari chini ya mpaka, msukumo mdogo tu unatosha kumdondosha. Metformini haina tabia hiyo. Mtu anayetumia metformini peke yake na mlonge hapati shida ya sukari kushuka mara nyingi. Anayetakiwa kuwa macho ni yule wa glibenklamaidi, glimepiridi, gliklazidi, na yule anayejichoma insulini.

Usiku wa leo na nyingine zinazofuata, weka karibu na kitanda cha mama sukari, glasi ya maji na mashine ya kupimia. Akitoka jasho au akianza kuongea ovyo, pima. Ikisoma chini ya 3.9, au kama mashine haipo na dalili zipo, koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji anywe yote. Nusu chupa ndogo ya soda ya kawaida inafaa pia, mradi isiwe ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena. Bado iko chini, rudia. Ikipanda, mpe chakula: mkate, kiporo cha wali, uji, chochote cha wanga. Hapa ndipo watu wengi hujisahau. Wanampa chai mgonjwa, anapata nguvu, wote wanarudi kulala, na saa mbili baadaye sukari inashuka tena, kwa sababu kidonge bado kiko kazini. Kwa glibenklamaidi, hasa kwa mtu mzima, hali hiyo inaweza kujirudia siku nzima na zaidi, kwa hiyo mtu aliyeshuka vibaya anahitaji kuangaliwa hospitali. Na kama amezimia au hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni, kitampalia. Mlaze ubavu, tafuta usafiri, bajaji hata pikipiki yenye mtu wa kumshikilia, mfike hospitali iliyo karibu.

Kliniki mweleze daktari au nesi mambo matatu bila kuficha: kushuka kwa juzi na saa yake, mlo wa usiku uliokuwa umeachwa, na mlonge, pamoja na kopo lenyewe mkononi. Najua wamama wengi wa hapa Dar es Salaam hawasemi kuhusu dawa za majani kwa kuogopa kufokewa. Msemee wewe. Halafu uliza swali hili kwa heshima: je, glibenklamaidi inamfaa bado? Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inaeleza kwamba glibenklamaidi haifai kwa wenye umri unaozidi miaka 60, na dawa inayopendekezwa kwenye kundi hilo ni gliklazidi, kwa sababu ya hatari hii hii ya kushusha sukari kupita kiasi. Mama ana 63. Daktari anaweza kumbadilishia, kumpunguzia kipimo, au kumwondolea kabisa cha jioni. Uamuzi ni wake kwa kuangalia vipimo, lakini swali ni halali. Omba pia apimwe figo, kipimo cha kreatinini. Figo zikilegea, glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu zaidi na kushuka kwa sukari kunakuwa rahisi. Huenda mama alikuwa karibu na ukingo kabla hata hajaununua huo unga.

Kopo lenyewe usilitupe. Soma karatasi iliyobandikwa. Nataka kuona maneno "majani ya mlonge" peke yake. Mjini kuna unga unaoitwa tu mlonge, ndani yake umechanganywa mbegu, magome na hata mizizi. Majani ni mboga, watu wa pwani wanayapika na nazi miaka yote. Mizizi na magome ni habari nyingine kabisa, yana sumu za kweli na hayafai kuliwa kila siku na mtu yeyote. Mbegu nazo, zile chungu zinazotafunwa, hazijafanyiwa utafiti wa kutosha kwa watu kuhusu kipimo, na zina nguvu tofauti na majani. Kama muuzaji hawezi kukwambia kilichomo, mama asiutumie tena, hata kwa kipimo kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wafamasia hutufanya tuwe na wasiwasi na unga wa kienyeji "unaoshusha sukari haraka". Mahali pengi duniani zimekamatwa bidhaa zinazoitwa za asili, ndani yake zikiwa zimetiwa vidonge vya hospitali vilivyosagwa. Mwaka 2008 Singapore watu wengi walilazwa kwa sukari kushuka, wengine walifariki, baada ya kutumia dawa haramu zilizokutwa na glibenklamaidi ndani. Zilikuwa zikiuzwa kama dawa za nguvu za kiume. Sisemi kopo la mama lina kitu hicho. Nasema mlonge halisi hauvuti sukari chini kwa kishindo, kwa hiyo ukiona unga unaishusha vikali hata pale mtu amekula vizuri, hiyo ndiyo alama ya kutilia shaka. Taarifa kama hizo hupelekwa TMDA, na mfamasia yeyote wa duka la dawa lililosajiliwa au nesi wa kliniki anaweza kukusaidia kuijaza fomu. Bidhaa ya tiba asili inatakiwa iwe imesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na ile inayouzwa kama chakula cha pakiti iwe na alama ya TBS. Unga wa mfuko mweupe usio na jina, tarehe wala namba, hata uwe wa nani, hauna wa kumuuliza siku ukileta madhara.

Nije kwenye mara 17. Hesabu hiyo si ya kubuni, ila imepimwa kwa njia ambayo haimsaidii mlaji. Wanachukua gramu 100 za unga mkavu na kuzilinganisha na gramu 100 za maziwa. Unga una kalsiamu ya karibu miligramu 2,000 kwa gramu 100, maziwa yana kama 120. Gawanya, unapata 17. Lakini hakuna anayekula gramu 100 za mlonge. Hizo ni vijiko vya chakula kama 14 vya kusawazisha. Kinacholiwa ni kijiko.

Chukua kijiko kimoja cha chakula, pitisha kisu juu yake kisawazike. Hapo una gramu 7 hivi, kutegemea unga ulivyosagwa. Kalsiamu yake ni kama miligramu 140. Glasi moja ya maziwa ya robo lita ina kama 300. Kwa hiyo kijiko kinakupa chini ya nusu ya glasi, na hicho si kitu kibaya hata kidogo kwa mtu asiyekunywa maziwa. Protini haifiki gramu 2, wakati yai moja lina 6. Potasiamu ni kama miligramu 90, ndizi mbivu moja ina kama 400, ingawa kwenye makopo utasoma "mara 15 ya ndizi". Vitamini C ndiyo inayonisikitisha zaidi. Lile tangazo la "mara 7 ya chungwa" linahusu majani mabichi yaliyochumwa sasa hivi. Kukausha huiondoa karibu yote, na kijiko cha unga kinabakiwa na miligramu 1 tu. Maneno ya jani bichi yamehamishiwa kwenye unga, na watu wamenunua.

Madini ya chuma yanahitaji maelezo zaidi kidogo, kwa sababu wengi wanautumia mlonge kuongeza damu. Kijiko hicho kina kama miligramu 2 za chuma. Lakini chuma cha kwenye majani mwili hukichukua kwa shida kuliko cha dagaa au nyama, kwani majani yana viambato vinavyokishika kisiingie kwenye damu. Ukikunywa na chai ya rangi kinapungua zaidi. Ukila na kachumbari yenye ndimu au chungwa baada ya mlo, kinaongezeka. Kwa hiyo kijiko kimoja kwenye maharage, na kipande cha chungwa pembeni, ni mpango wenye akili kuliko vijiko vinne kwenye maji ya uvuguvugu.

Sasa tazama alichokuwa anakunywa mama. Vijiko 2 vya chakula, na nina hakika vilikuwa vimejaa mlima maana ndivyo vinavyochotwa nyumbani, kila kimoja si gramu 7 tena ni kama 10. Mara mbili kwa siku ni gramu 40. Majani ya mlonge yana maji zaidi ya robo tatu ya uzito wake, kwa hiyo gramu 40 za unga zimetoka kwenye majani mabichi kama gramu 160 hadi 200. Ni bakuli zuri la mboga, na mtu mwenye afya akilila limepikwa halimdhuru. Likinywewa kavu kila siku tumboni patupu huleta kuharisha, gesi na kiungulia. Tafiti kwa watu zimetumia kwa kawaida gramu chache kwa siku, 7 au 8. Zaidi ya hapo, mara tano ya hapo, ni makadirio ya muuzaji. Kwa mtu mzima anayetaka tu kuongezea lishe, mimi husema kijiko 1 hadi 2 vya chai kwa siku, na kisizidi kijiko kimoja cha chakula cha kusawazisha. Kijiko cha chai cha kusawazisha kina gramu 2 na ushee.

Mama akishaonwa, dawa zikarekebishwa, na sukari yake ikatulia kwa wiki mbili hivi, na bado anautaka mlonge wake, sioni sababu ya kumnyima. Ila kwanza amwambie daktari, kisha aanze upya, na aanze na kitu kimoja kwa wakati. Wiki ile ambayo kidonge kimebadilishwa si wiki ya kurudisha mlonge, kwa sababu sukari ikicheza hutajua nani ameichezesha. Anunue au atengeneze unga wa majani matupu. Wiki ya kwanza kijiko 1 cha chai, ndani ya mboga au maharage ya mchana, chungu kikiwa kimeshaepuliwa. Mchana nasema kwa makusudi: sukari ikielekea chini, watu wako macho na wanaona. Apime asubuhi kabla ya kula, apime saa mbili baada ya mlo huo wa mchana, aandike kwenye daftari pamoja na alichokula. Wiki ya pili, kama hakuna kipimo kilichokaribia 4, anaweza kufikia vijiko 2 vya chai. Akome hapo.

Daftari nitakalofurahi kuliona linasomeka hivi: Jumatatu asubuhi 7.4, mchana ugali kiasi, dagaa, mchicha na mlonge kijiko 1 cha chai, saa mbili baadaye 9.1. Jumanne asubuhi 7.1. Namna hiyo. Likianza kusomeka 5.2, kisha 4.6, kisha 4.1 asubuhi, mlonge unasimama siku hiyo na mama anarudi kliniki na daftari lake, kwa sababu pengine sasa kipimo cha dawa ni kikubwa kwake. Huo ndio wakati pekee ambapo mazungumzo ya kupunguza vidonge yana msingi, na yanafanyika kwa daktari, baada ya kipimo cha sukari ya miezi 3. Muuzaji aliyesema baada ya miezi 3 ataachana na vidonge hakuwa na kipimo chochote mkononi. Na presha vilevile. Kwenye utafiti ule wa Thailand presha ilielekea kushuka kidogo kwa waliotumia mlonge, kwa hiyo mama akihisi kizunguzungu anaposimama kutoka kitandani, apimwe presha akiwa amekaa na akiwa amesimama.

Losartani ina jambo lake jingine. Dawa hii huifanya figo iishikilie potasiamu. Kwa figo nzima, kijiko cha chai cha mlonge si kitu. Kwa figo iliyochoka, potasiamu ya gramu 40 za unga, ambayo inapita miligramu 500, ikijumlishwa na ndizi, maji ya dafu na losartani, inaweza kupanda hadi ikausumbua moyo. Ndiyo sababu nimesisitiza kreatinini, na wakimpima potasiamu siku hiyohiyo itakuwa vizuri zaidi. Kama majibu yatasema figo hazifanyi kazi vizuri, mlonge wa unga usirudi kabla daktari hajasema.

Majirani wakikuuliza, maana Mbagala habari hazikai ndani, wapo wengine watatu wa kuwatahadharisha. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda: mboga za kijani zina vitamini K inayopingana na dawa hiyo, na akianza au akiacha mlonge ghafla kipimo chake cha damu kitayumba. Anayetumia levothairoksini ya tezi la shingo: kalsiamu, chuma na nyuzinyuzi huzuia kidonge kuingia mwilini, kwa hiyo mlonge ukae mbali nacho saa 4, na kwa wanyama wa majaribio majani haya yaliwahi kupunguza homoni ya tezi, hivyo bora amuulize daktari kwanza. Na anayetumia dawa za kufubaza virusi zenye dolutegraviri: madini ya chuma na kalsiamu huishika dawa tumboni. Kwa virutubisho vya vidonge vya madini hayo maelekezo ni kumeza dolutegraviri saa 2 kabla au saa 6 baada yake. Unga wa mlonge una madini kidogo kuliko vidonge hivyo, lakini sioni kwa nini mtu ajitie mashakani wakati anaweza kumeza dawa usiku na kula mlonge mchana.

Ukiwa na mti uani, au jirani anao kwenye ua, huhitaji kununua. Majani mabichi yaliyopikwa ndiyo bora kuliko unga wowote, na yakipikwa na nazi yanaliwa na familia nzima. Ukitaka unga, chuma matawi asubuhi, osha kwa maji safi ya bomba, kung'uta, pukuchua majani, tandaza tabaka jembamba kwenye wavu ndani ya nyumba penye hewa, kivulini. Jua kali linaua rangi na vitamini A iliyomo. Yakae siku chache mpaka yavunjike kwa kidole kama karatasi kavu, ndipo usage na kuchekecha. Unga mzuri ni wa kijani kibichi na unanukia mboga. Ukiwa wa kahawia umekauka juani au umezeeka. Ukinusa harufu ya uvundo, au umeshikana mabonge, unyevu wa Dar es Salaam umeshaingia na ukungu uko njiani, mwaga. Hifadhi kwenye chupa kavu inayofunga vizuri, isiyopitisha mwanga. Kuosha na kukausha kwa usafi si urembo: mwaka 2025 nchini Marekani watu waliugua salmonela iliyohusishwa na unga wa majani ya mlonge, na unga unaokorogwa tu kwenye maji haujapita motoni popote. Kwa mama mwenye kisukari na kwa wewe mjamzito, utie kwenye chakula kinachochemka dakika chache za mwisho. Vitamini kidogo zitapotea, ila tumbo litakuwa salama.

Na wewe sasa. Mimba ya miezi 5, majani ya mlonge kama mboga ya mlo hayana neno, na kijiko kimoja cha chai cha unga wa majani matupu uliopitishwa motoni sikukatazi. Kopo hilo la mama usiliguse, kwa kuwa hatujui lina nini, na mizizi na magome ya mlonge yamekuwa yakitumika kutoa mimba. Mkunga wako atakuwa amekupa vidonge vya kuongeza damu. Kimoja kina karibu miligramu 60 za chuma pamoja na asidi foliki. Kulinganisha na miligramu 2 za kijiko cha mlonge, ambazo nyingi zinapita tu, unaona kwamba kimoja hakiwezi kushika nafasi ya kingine. Meza kidonge chako usiku na maji, mlonge ule mchana, chai ya rangi iwe mbali na vyote viwili walau saa moja. Kama kidonge kinakufunga choo au kinakupa kichefuchefu na ndiyo sababu ulifikiria mlonge badala yake, mwambie mkunga, kuna namna ya kukimeza ikapungua. Hudhurio lijalo wakikupima wingi wa damu, uliza namba yenyewe na uiandike kwenye kadi. Ikiwa chini ya 11, rudi kwao mapema kuliko tarehe waliyokupangia.